Upepo, Umeme na Maneno: Utangulizi wa Kusafisha Mazungumzo Yaliyonaswa

Wengi huifikia fani hii wakiwa na faili moja lililowashinda. Ni mahojiano na mzee barazani kwake, mahali fulani pwani, upepo wa kusi unavuma na kinasa sauti kimechomekwa kwenye chaja. Maneno yanasikika, lakini chini yake kuna mngurumo unaopanda na kushuka, na chini ya mngurumo kuna mvumo mwembamba usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye faili anafungua programu, anatafuta amri ya kupunguza kelele, anavuta kitelezi hadi mwisho, na kelele kweli zinaondoka. Kisha anasikiliza tena na kukuta mzee wake amegeuka roboti: sauti imekauka, herufi zimeliwa, na kila neno lina vimlio vidogo vinavyolizunguka.

Utangulizi huu unamkaribisha mtu huyo, nao una hoja moja. Sauti ya kiroboti haitokani na ubovu wa programu, na wala si malipo ambayo lazima tuyatoe ili tupate usafi. Hutokea pale chombo kilichoundwa kwa kelele isiyobadilika kinapotumwa kufukuza kelele inayobadilika kila sekunde. Mvumo wa umeme husimama mahali pamoja. Upepo hausimami. Maneno yana mwendo wake wa tatu. Anayejua kutofautisha miendo hii mitatu atajua chombo gani kianze, kipi kifuate, na wapi pa kuacha.

Mvumo wa umeme

Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni wa Hz 50. Marekani ni Hz 60. Waya wa maikrofoni ukipita karibu na nyaya za umeme, au vifaa viwili vilivyounganishwa vikiwa na njia tofauti za kwenda ardhini, masafa hayo huingia kwenye rekodi. Hayaingii peke yake. Wimbi la umeme si safi, hivyo huja na vigawe vyake: 100, 150, 200, 250 na kuendelea, kila kimoja kikiwa na nguvu yake. Chaja na vifaa vinavyogeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu mara nyingi huongeza zaidi ile ya 100 na vigawe vyake, na ndiyo maana mvumo wa chaja husikika mkali kuliko ule wa waya mtupu.

Sifa kubwa ya mvumo ni uthabiti. Fungua spektrogramu, yaani mchoro unaoonyesha masafa kwa wima na muda kwa mlalo, nawe utauona kama mistari iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Gridi huyumba kidogo sana. Jenereta ni jambo jingine: masafa yake hufuata kasi ya injini, na injini ikizidiwa na mzigo, mistari yote huinama pamoja. Rekodi ya sherehe iliyoendeshwa kwa jenereta kwa hiyo huhitaji kukatwa vipande na kila kipande kupimwa upya.

Upepo

Kelele ya upepo haisafiri kutoka mbali kama sauti ya ng'ombe au gari. Huzaliwa palepale kwenye maikrofoni, hewa inapojigonga na kuvurugika mbele ya kiwambo chake. Mtu aliyesimama hatua mbili pembeni hausikii mngurumo huo kabisa. Nguvu yake nyingi iko chini ya Hz 200, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyofifia. Maikrofoni inayolenga upande mmoja huumia zaidi kuliko ile inayosikia pande zote, kwa sababu hufanya kazi kwa kulinganisha shinikizo la mbele na la nyuma, na upepo huvuruga ulinganisho huo.

Shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, mngurumo huongezeka kwa takribani desibeli 12. Ndiyo maana rekodi iliyokuwa nzuri dakika nzima huharibika kwa pumzi moja ya kusi, na ndiyo maana hakuna sekunde moja ya upepo inayoweza kuwakilisha nyingine.

Maneno

Sauti ya mwanamume kwa kawaida huanzia kati ya Hz 85 na 180, ya mwanamke kati ya 165 na 255, na juu ya msingi huo hujengwa ngazi ya vigawe. Tofauti na mvumo, ngazi hii haitulii. Kiimbo kikipanda, ngazi nzima hupanda. Kikishuka, hushuka nayo. Kwenye spektrogramu utaona mistari iliyopinda ambayo hukatiza ile iliyonyooka ya umeme kwa muda mfupi tu.

Kiswahili kina sehemu mbili za hatari. Ya kwanza ni ile m inayosimama kama silabi, mwanzoni mwa mtu, mtoto, mlifika. Nguvu yake iko chini, palepale upepo unapotawala. Ukikata besi kwa ukali, mlifika husikika lifika, na msikilizaji hajui tena nani alifika. Ya pili ni konsonanti za mkwaruzo zisizo na ghuna: s, sh, f, th. Kwa hesabu za kompyuta hizi zenyewe ni kelele, kwa kuwa hazina ngazi ya vigawe. Ni hewa inayokwaruza tu. Programu ya kupunguza kelele haina namna rahisi ya kujua kwamba mkwaruzo huu ni herufi na ule ni kelele za kifaa. Mzee akizungumzia thamani ya jahazi, na wewe ukavuta kitelezi kupita kiasi, mwandishi wa nakala anaweza kuandika samani.

Roboti anatoka wapi

Mwaka 1979 Steven Boll alichapisha njia iliyokuja kuwa msingi wa fani hii: kutoa kelele kwa hesabu. Rekodi hukatwa vipande vya makumi machache ya milisekunde, kila kipande hugawanywa katika mikanda ya masafa, na kila mkanda hupunguziwa kiasi cha kelele kilichopimwa mahali pasipo na mtu anayesema. Vipande huunganishwa tena. Ni njia nyepesi kueleweka, na ina kasoro moja inayofunza mengi.

Kiasi kinachopimwa ni wastani. Kelele halisi hupanda juu ya wastani huo na kushuka chini yake kila kipande. Mkanda ulioshuka hufutwa kabisa. Uliopanda huacha kichuguu kidogo ambacho hakikutolewa. Kipande kinachofuata, kichuguu kiko kwenye mkanda mwingine. Sikio halisikii tena mvuvumo mpana uliokuwepo awali. Linasikia vimlio vya hapa na pale vinavyowaka na kuzimika. Watafiti huviita kelele za kimuziki. Vikipanda juu ya sauti ya mtu, huyo ndiye roboti.

Mwaka huohuo wa 1979 Berouti, Schwartz na Makhoul walipendekeza dawa mbili za pamoja: kutoa zaidi ya wastani ili vichuguu vipungue, na kuweka sakafu ambayo hakuna mkanda unaoruhusiwa kushuka chini yake. Kelele iliyobaki kwenye sakafu hufunika vichuguu. Mwaka 1984 Ephraim na Malah walileta kanuni inayokumbuka kipande kilichotangulia kabla ya kuamua kuhusu kilichopo, na mwaka 1994 Cappé akaeleza kwa nini kumbukumbu hiyo huzima vimlio. Programu za leo hazifuati hesabu ya Boll hatua kwa hatua. Audacity, kwa mfano, hushusha sauti ya mkanda uliopo chini ya kizingiti. Lakini mafunzo ni yaleyale: kuacha kelele kidogo ni sehemu ya tiba, na kulainisha mabadiliko kati ya kipande na kipande, mkanda na mkanda, ni sehemu nyingine.

Sasa mkanganyiko ule wa mwanzo unaeleweka. Aliyechukua sampuli ya kelele mahali penye upepo aliifundisha programu kwamba masafa ya chini daima yana nguvu kubwa. Upepo ulipotulia, programu iliendelea kukata kiasi kilekile, na cha kukatwa kilikuwa sauti ya mzee.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mahojiano yale ya barazani. Faili ni la Hz 48,000, msemaji ni mwanamume mwenye sauti ya karibu Hz 110, kuna mvumo wa chaja na upepo wa vipindi. Tunatumia Audacity kwa kuwa ni ya bure. Programu nyingine zina majina tofauti kwa kazi zilezile. Kwanza nakili faili na uiweke nakala ya asili mbali. Kama lilikujia kwa WhatsApp, omba lile lililotoka kwenye kifaa, kwa sababu ubanaji umekwisha tupa sehemu za sauti ambazo hazitarudi.

Pima mvumo. Tafuta sekunde mbili ambapo hakuna anayesema na upepo umetulia, kisha fungua Plot Spectrum na uweke ukubwa wa 65536. Kwa faili hili, kila hatua ya mchoro itakuwa chini kidogo ya Hz 1. Usitazame Hz 50 peke yake. Tazama vigawe vya juu, kwani kosa dogo chini huonekana kubwa juu. Kilele cha kumi kikiwa 499 badala ya 500, msingi wako ni 49.9. Andika vilele vilivyochomoza tu. Tuseme ni 50, 100, 150, 250 na 350.

Kata besi. Kichujio kinachoandikwa High-Pass Filter, kikiwekwa Hz 80 na mteremko wa desibeli 24 kwa oktavo, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Kwenye Hz 20, ambako mngurumo wa upepo una nguvu, hushusha desibeli 48. Kwenye Hz 50 hushusha 16, hivyo kilele cha kwanza cha mvumo kimeshapungua sana kabla ya kukigusa. Kwenye Hz 110, ilipo sauti ya mzee, hushusha theluthi moja tu ya desibeli. Kwa msemaji mwanamke unaweza kupanda hadi 120 kwa kiasi hichohicho cha usalama. Ukivuka 150 kwa mwanamume, anza kusikiliza zile m.

Toboa vilele vilivyobaki. Kichujio chembamba, Notch Filter, hufuta masafa mamoja na kuacha majirani. Jambo la kuamua ni upana. Thamani ya Q ni masafa yakigawanywa kwa upana, kwa hiyo Q ya 1 kwenye Hz 150 hufuta eneo la Hz 150, yaani karibu besi yote ya mzee. Kwa upande mwingine, kichujio chembamba mno hulia chenyewe: kikigongwa na silabi, huendelea kutoa mlio baada ya silabi kwisha. Upana wa Hz 4 hufanya mlio huo upungue hadi kama theluthi kila baada ya milisekunde 80, na sikio haliutambui. Upana wa nusu Hz huuongeza hadi zaidi ya milisekunde 600, muda wa silabi tatu au nne, na hapo sauti hupata mkia wa bati. Hatua hizi mbili, kukata besi na kutoboa, zinaweza kuandikwa pamoja kwenye Nyquist Prompt:

```
(let ((s (highpass4 *track* 80.0)))
  (dolist (f '(100.0 150.0 250.0 350.0) s)
    (setf s (notch2 s f (/ f 4.0)))))
```

Ile `(/ f 4.0)` ndiyo inayoweka upana wa Hz 4 kwa kila tundu. Sauti ya mzee itapita kwenye matundu haya, lakini kwa kuwa kiimbo chake kinatembea, hukaa ndani kwa muda mfupi mno kuacha alama. Huu ndio ushindi rahisi wa fani nzima, nao unatokana na uthabiti wa mvumo.

Shughulikia upepo kwa kipindi chake. Baada ya hatua zilizopita, upepo mwepesi utakuwa umetoweka. Zitabaki pumzi nzito. Usiongeze kichujio kwa faili zima. Chagua pumzi moja kwenye spektrogramu, ambapo utaiona kama wingu linaloinuka kutoka chini, na ukate besi hapo tu, kwa Hz 120 au 150, ukitunza kingo za eneo zilainike kwa milisekunde 20 hivi ili badiliko lisisikike kama kishindo. Kwenye programu yenye kibana sauti cha mikanda mingi, unaweza kukiamuru kishushe mkanda wa chini kila unapozidi kiwango fulani, kisha kiuachie; hufanya kazi ileile bila mkono wako. Pumzi iliyoangukia kati ya maneno ifute kabisa na ujaze nafasi yake kwa kipande cha ukimya wa barazani palepale. Usijaze utupu: sikio hushtuka zaidi sauti ya mahali inapokatika kuliko linavyoshtuka kwa upepo.

Mwisho, punguza kelele pana. Sasa ndipo Noise Reduction ina kazi yake halali, yaani mvuvumo mwembamba wa kifaa na wa mahali, ambao haubadiliki sana. Chukua sampuli ya sekunde moja au mbili kwenye sauti iliyokwisha chujwa, isiyo na pumzi ya upepo wala ya mtu. Weka upunguzaji wa desibeli 6. Wengi huona ni kidogo, na huo ndio mwanzo wa roboti. Mvumo na mngurumo vikiwa vimeondoka, desibeli 6 hufaa zaidi kuliko 20 zinazosimama peke yake.

Kutazama makapi

Unajuaje kwamba umezidisha? Kwenye dirisha la Noise Reduction kuna chaguo la Residue, linalokusikilizisha kile kinachotolewa badala ya kinachobaki. Anayepepeta mchele hutazama makapi yaliyoanguka chini, kwani humo ndimo atakapoona punje alizopoteza. Kwenye Residue unatakiwa usikie mvuvumo mtupu. Ukisikia neno linalotambulika, hata kwa mbali, au ukasikia s na sh zikikatiza kama minong'ono, punguza kiasi hadi zinyamaze. Kwa programu isiyo na chaguo hilo, weka faili la asili na lililosafishwa kwenye nyimbo mbili zilizolingana, geuza wimbi la moja kichwa chini kwa Invert, na usikilize zote pamoja. Kitakachosikika ni tofauti yao.

Kipimo cha pili ni mtu mwingine. Aliyesikia sentensi ileile mara nyingi huisikia hata isipokuwepo. Mpe msikilizaji mpya faili lililosafishwa aandike anachosikia, kisha mpe la asili. Kama aliandika maneno mengi zaidi kutoka kwenye la asili, kazi yako imeharibu, hata kama inapendeza masikioni.

Mipaka

Yapo mambo mawili ambayo vichujio haviwezi. La kwanza ni wimbi lililokatwa vichwa. Pumzi ya upepo ikizidi uwezo wa kifaa, vilele vya wimbi hubapatika, na ubapa huo hutawanya uharibifu kwenye masafa yote, hadi kwenye s. Kukata besi hapo huondoa mngurumo na kuacha mkwaruzo. Zipo programu zinazokisia umbo la vilele vilivyopotea, na kwa mkato mdogo husaidia. Kwa pumzi nzima ya kusi, kilichobaki ni kukisia neno kutokana na muktadha na kuandika kwenye nakala kwamba hapo halisikiki.

La pili ni kifaa kinachojirekebishia kiwango chenyewe, kama simu nyingi zinavyofanya. Mtu akinyamaza, simu hupandisha kila kitu, na kelele hupanda nayo; akisema, hushusha. Sampuli uliyochukua kwenye ukimya haifanani na kelele iliyo chini ya maneno, na upunguzaji wowote utavuma na kuzama kwa zamu. Kwa rekodi hizo ishia kwenye kukata besi na kutoboa.

Hayo mawili yanatibika kabla ya kurekodi. Vua chaja na utumie betri. Funika maikrofoni kwa kifuniko cha manyoya, kwa kuwa sifongo peke yake haitoshi kwa upepo wa pwani. Zima urekebishaji wa kiwango na uache nafasi ya desibeli 12 hivi juu ya sauti ya kawaida ya msemaji. Na kabla hujauliza swali la kwanza, mwombe mwenyeji wako nyote mnyamaze kwa nusu dakika kinasa sauti kikiwa kinazunguka. Nusu dakika hiyo ndiyo sampuli yako, ndicho kijazio chako, na ndicho kipimo chako cha mvumo. Ukiikosa, hakuna kurasa za somo hili zitakazoilipa.